Kutoa Masega: Kinachopotea Ekzosi Inapobaki Bomba Tupu

Noah au Probox linalobeba abiria kati ya Nkoma, wilayani Itilima, na Bariadi mjini likianza kukosa nguvu na kunywa mafuta kupita kawaida, kuna ushauri ambao mwenye gari hatakosa kuusikia gereji: toa masega. Fundi hulala chini ya gari, hupasua kopo la chuma lililo kati ya injini na silensa, huchomoa kitu chenye vitundu vingi kilichomo ndani na kuchomelea kopo likiwa tupu. Mara nyingi gari huchangamka siku hiyohiyo, na mwenye gari huondoka akiamini kwamba kile kitu kiliwekwa Japani kwa ajili ya kubana injini.

Imani hiyo ina chembe ya ukweli. Masega yaliyoziba hubana injini kweli. Swali linalorukwa ni kwa nini yaliziba, na ili kulijibu inabidi kwanza kujua yanafanya nini. Masega yana kazi mbili za kikemia ambazo kwa asili zinapingana, na huzimudu kwa sharti moja gumu: injini iliyo mbele yake iwe nzima. Kwa hiyo masega yanapokufa, kwa kawaida yanakuwa yametoa taarifa juu ya ugonjwa ulio kwingine.

Kinachotoka kwenye silinda

Petroli ni mchanganyiko wa hidrokaboni, yaani molekuli za kaboni na hidrojeni. Ikiungua kikamilifu hutoa kaboni dioksidi na mvuke wa maji, basi. Lakini ndani ya silinda moto una muda mfupi mno, sehemu ndogo tu ya sekunde, na kuta za silinda ni baridi kuliko moto wenyewe. Uunguaji haukamiliki.

Ukipima moshi wa injini nzima ya petroli kabla haujafika kwenye masega, sehemu kubwa, kama asilimia 70, ni nitrojeni ya hewani iliyoingia na kutoka bila kubadilika. Nyingine ni kaboni dioksidi na mvuke. Uchafu unaoshughulikiwa na masega ni karibu asilimia 1 tu ya moshi wote, nao ni wa aina tatu.

Wa kwanza ni kaboni monoksidi, CO: kaboni iliyopata atomu moja ya oksijeni badala ya mbili. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Wa pili ni hidrokaboni zenyewe, petroli ambayo haikuungua au iliungua nusu, na ndani yake imo benzini, inayosababisha saratani ya damu. Wa tatu ni oksidi za nitrojeni, hasa NO. Hizi hazitokani na petroli. Joto la mwako ndani ya silinda likipita nyuzijoto 1,500 za Selsiasi, nitrojeni na oksijeni za hewa ya kawaida huungana zenyewe. Kwa hiyo hata mafuta yawe safi kiasi gani, NO itazaliwa. Ikitoka nje hugeuka NO2 inayochoma mapafu, na ikikutana na hidrokaboni chini ya jua kali hutengeneza ozoni karibu na ardhi.

Tazama sasa ugumu ulipo. CO na hidrokaboni zina upungufu wa oksijeni, hivyo dawa yake ni kuziongezea. NO ina oksijeni isiyotakiwa, hivyo dawa yake ni kuinyang'anya. Kopo moja linatakiwa kufanya yote mawili kwa moshi uleule, ambao hukaa humo kwa sehemu ndogo tu ya sekunde.

Juu ya uso wa metali

Kitu kinachochomolewa na fundi kwa kawaida ni gogo la kauri iitwayo kodieriti, lililotobolewa njia nyembamba zilizonyooka, kama 60 katika kila sentimita mraba. Kuta za njia hizo zimepakwa tabaka la oksidi ya alumini lenye vishimo visivyoonekana kwa macho. Gramu moja ya tabaka hilo ikikunjuliwa ina eneo la makumi ya mita za mraba. Juu yake ndipo zimenyunyizwa chembe ndogo mno za metali tatu: platini, paladi na rodi. Katika gari zima jumla yake ni gramu chache tu.

Metali hizo ni vichocheo. Zinaharakisha mmenyuko bila zenyewe kuliwa. Juu ya platini au paladi, molekuli ya oksijeni hutua na kupasuka kuwa atomu mbili. CO nayo hutua jirani, huchukua atomu moja na kuondoka ikiwa kaboni dioksidi:

2CO + O2 → 2CO2

Hidrokaboni hupitia njia hiyohiyo, zikivunjwa kipande kwa kipande hadi kubaki kaboni dioksidi na maji. Kazi ya pili hufanywa hasa na rodi. NO ikitua juu yake, kifungo kati ya nitrojeni na oksijeni hukatika. Atomu za nitrojeni hutafutana, huungana mbili mbili na kuondoka zikiwa nitrojeni ya kawaida, ileile tunayoivuta kila siku. Oksijeni hubaki imeganda juu ya rodi, na ingebaki hapo ikiziba nafasi kama isingekuja CO kuichukua:

2NO + 2CO → N2 + 2CO2

Katika mmenyuko huu wa pili uchafu mmoja unausafisha mwingine. CO, sumu, ndiyo inayoivua NO oksijeni yake. Hapo ndipo kazi mbili zinazopingana zinapopatana.

Mambo haya yote yanahitaji joto. Masega yakiwa baridi, CO hutua juu ya platini na kung'ang'ania hadi uso wote unajaa, na oksijeni hukosa mahali pa kutua. Ni mpaka joto lifikie kama nyuzijoto 250 hadi 300 ndipo CO inapoanza kuachia, nafasi zinapatikana, na mmenyuko unawaka ghafla. Ndiyo maana dakika ya kwanza au ya pili baada ya kuwasha gari asubuhi moshi hutoka karibu kama ulivyozaliwa. Gari linaloshinda likitembea safari ndefu husafisha moshi wake vizuri. Lile la kuwashwa na kuzimwa kwa vijisafari vya dakika tatu halipati nafasi hiyo.

Namba 14.7

Baada ya joto, hitaji la pili la masega ni uwiano wa hewa na mafuta. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue bila kubakiza oksijeni wala mafuta. Mafuta yakizidi kidogo, moshi hukosa oksijeni: NO inasafishwa vizuri, lakini CO na hidrokaboni hupita. Hewa ikizidi kidogo, CO hukimbilia oksijeni iliyo huru na kuiacha NO, ambayo sasa haina wa kuipokonya. Ni pale tu uwiano unaposimama karibu kabisa na 14.7 ndipo aina zote tatu zinapopungua kwa zaidi ya asilimia 90 kwa pamoja. Ukikosea kwa asilimia chache, upande mmoja unaanguka.

Kabureta haiwezi kushika uwiano kwa usahihi huo. Historia inaonyesha hivyo. Magari ya Marekani yaliyowekewa vichocheo kwa wingi tangu yale ya mwaka 1975 yaliweza kuchoma CO na hidrokaboni tu. Mfumo wa kusafisha yote matatu uliingia sokoni mwaka 1977 katika magari ya Volvo, kwa sababu yalikuwa na sensa ya oksijeni ndani ya ekzosi. Sensa hiyo huonja moshi na kuiambia kompyuta iongeze au ipunguze mafuta, na majibu yake hupanda na kushuka takriban mara moja kila sekunde. Mwaka uliofuata, 1978, Japani ilianza kutumia kikomo cha gramu 0.25 za oksidi za nitrojeni kwa kilomita, na watengenezaji wake wakaingia njia hiyohiyo. Ndiyo sababu Noah, IST au Probox la petroli lililotoka Japani lilizaliwa likiwa na masega na sensa yake.

Kupanda na kushuka huko kwa uwiano hufidiwa na kitu cha nne ndani ya tabaka: oksidi ya seri. Hewa ikizidi, seri huhifadhi oksijeni. Mafuta yakizidi, huitoa. Uwezo huu wa kuhifadhi ndio unaotangulia kupungua masega yanapozeeka, na ndio unaopimwa na kompyuta ya gari, kama tutakavyoona.

Hesabu ya kilomita 100

Tuchukue Noah la injini ya lita 2 linalokunywa lita 10 kwa kilomita 100. Lita 10 za petroli zina uzito wa kilo 7.4 hivi. Zikichanganywa na hewa kwa uwiano wa 14.7, moshi wote utakuwa na uzito wa takriban kilo 116. Tukikadiria kwamba CO kabla ya masega ni asilimia 0.7, kilomita 100 huzalisha gramu 780 hivi za CO. Masega yanayofanya kazi kwa asilimia 90 huacha kama gramu 78. Yakitolewa, zote 780 hutoka. Kwa oksidi za nitrojeni makadirio ni gramu 100 na ushee kabla ya masega, na kama gramu 10 baada yake.

Kwa abiria wa Noah la zamani jambo hili si la mbali. Injini yake imelala chini ya viti vya mbele. Kopo lililopasuliwa na kuchomelewa upya likivuja kwenye maungio, moshi uliokuwa usafishwe unapata njia ya kuingia ndani ya gari, na CO haitoi harufu ya kumwamsha mtu.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kikomo cha masega. Lita 10 za petroli hutoa kama kilo 23 za kaboni dioksidi, masega yawepo yasiwepo. Masega hayapunguzi gesi hiyo inayoongeza joto la dunia. Kwa kweli CO inayosafishwa humo huwa kaboni dioksidi. Wala hayagusi vumbi linalotimuliwa na matairi.

Nani anayaua

Kwa kuwa kichocheo hakiliwi, masega mazuri huweza kudumu umri wa gari. Yakifa mapema, kuna kilichoyaua, na wahusika wakuu ni watatu: joto, sumu na jiwe.

Joto ndilo lenye hesabu ya kushtua. Tuseme plagi moja kati ya nne katika Noah letu imekufa, injini inamisi, na dereva anaendelea na safari kwa sababu gari bado linatembea. Robo ya mafuta, yaani lita 2.5 kwa kilomita 100, inapita bila kuungua, pamoja na hewa yake. Vyote viwili vinafika kwenye masega yenye moto na kuungua humo. Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi, hivyo lita 2.5 zina 80. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hizo zinatolewa kwa saa mbili: wastani wa kilowati 11, sawa na pasi kumi na moja za umeme za kilowati moja zilizofungiwa ndani ya kopo. Moshi uliokuwa na nyuzijoto 450 unapanda hadi kupita 1,000. Juu ya nyuzijoto 900 chembe za platini na rodi huanza kusogeleana na kuungana kuwa chembe kubwa zenye uso mdogo, na tabaka la alumini hupoteza vishimo vyake. Joto likizidi zaidi, kauri yenyewe huyeyuka na njia zake huziba. Ndipo gari linakosa nguvu. Fundi akitoa masega, nguvu inarudi, lakini plagi bado imekufa na robo ya mafuta bado inamwagwa, safari hii hadi hewani.

Sumu ni zile zinazofunika uso wa metali. Kwa miaka mingi kubwa kuliko zote ilikuwa risasi iliyotiwa kwenye petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzoni mwa 2006 Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoacha. Kabla ya hapo masega ya gari lililotoka Japani hayakuwa na maisha marefu huku kwetu, na pengine ndiyo chanzo cha dhana kwamba "hayaifai nchi hii". Sababu hiyo imekwisha, mazoea yamebaki. Leo sumu ya kawaida ni fosforasi na zinki za oili. Injini yenye ringi zilizochakaa, inayotoa moshi wa bluu, hupaka masega majivu ya oili kila kilomita. Salfa ya kwenye mafuta nayo hugombea nafasi juu ya metali, ila hiyo huondoka kwa sehemu moshi ukipata joto la kutosha. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huungua vibaya na kuleta mzigo uleule wa hidrokaboni tulioueleza kwenye plagi. Uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta ulioanza kusimamiwa na EWURA mwaka 2010 ulilenga udanganyifu wa namna hiyo.

Jiwe ni la barabara zetu. Kauri haipindi, huvunjika. Pigo la jiwe chini ya gari, au kopo lenye nyuzijoto mia kadhaa kuzama ghafla kwenye maji ya korongo wakati wa masika, linaweza kulipasua gogo. Vipande vyake hugeuka na kuziba njia, au hutoka vikigonga ndani ya silensa.

Kupima kabla ya kukata

Fundi makini ana njia za kujua. Ya kwanza ni kugonga kopo kwa ngumi gari likiwa limepoa: likicheza kama lina kokoto, kauri imevunjika. Ya pili ni kupima msukumo wa nyuma. Sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega hufunguliwa, na kwenye tundu lake hufungwa geji ya presha. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, presha iliyo juu ya takriban kilopaskali 20, kama 3 kwenye geji ya psi, huashiria kuziba. Ikiwa chini ya hapo, ukosefu wa nguvu una chanzo kingine, na kukata masega hakutauponya.

Ya tatu ni kusoma kompyuta, kwa magari yenye sensa mbili. Sensa ya mbele inatakiwa kupanda na kushuka haraka. Ya nyuma inatakiwa kutulia, kwa sababu oksidi ya seri imeyameza mabadiliko. Ya nyuma ikianza kuiga ya mbele, uwezo wa kuhifadhi oksijeni umekwisha na kompyuta huandika P0420. Lakini alama hiyo isisomwe peke yake. Ikiambatana na P0300 au P0301 hadi P0304, zinazohusu silinda kumisi, kinachotengenezwa kwanza ni plagi, koili au nozeli. Kuweka masega mapya mbele ya injini inayomisi ni kuyapeleka kwenye kilowati zilezile 11. Noah nyingi za miaka ya 1990 zina sensa moja tu, hivyo haziwezi kutoa taarifa hii. Kwao geji ya presha ndiyo shahidi.

Mwenye gari ajue pia kwamba kopo lililochomolewa lina thamani. Mwaka 2021 bei ya rodi ilipita dola 20,000 kwa aunsi moja, na ingawa ilishuka baadaye, wanunuzi wa masega yaliyotumika hawajatoweka. Ushauri wa kukata unaweza kutoka kwa mtu mwenye soko la kauri hiyo. Anayekubali kukata aondoke na masega yake mkononi, au angalau ajue alichokiuza.

Yasiyofikiwa na masega

Si kila moshi wa Nkoma ungesafishwa na kifaa hiki hata kama kila mtu angekitunza. Lori la dizeli linalosomba pamba huvuta hewa nyingi kuliko inavyohitajika kwa mwako, hivyo moshi wake una oksijeni ya ziada wakati wote. Rodi haiwezi kuivua NO oksijeni yake penye oksijeni huru tele. Dizeli huhitaji vifaa vingine: kichocheo cha kuchoma CO, chujio la masizi, na urea inayopulizwa kuvunja oksidi za nitrojeni. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na hiyo inasaidia. Lakini malori mengi ya zamani hayana vifaa hivyo kabisa. Bodaboda nazo nyingi ni za kabureta, zisizoweza kushika 14.7, na kifaa cha kazi zote tatu hakingefanya kazi sawasawa juu yake.

Kwa sababu hiyo magari ya petroli yenye mfumo kamili ndiyo sehemu ya barabara ambako teknolojia ya kuondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu tatu imeshalipiwa, imeshafungwa, na inaendelea kufanya kazi bila kudai mafuta ya ziada. Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, lakini kopo lililochomelewa kwa ustadi halionekani tupu kwa macho. Litagunduliwa tu na mashine ya kupima gesi iliyochomekwa kwenye bomba, mahali ambapo gramu 78 na gramu 780 hazifanani. Mashine hiyohiyo ingemsaidia fundi wa Bariadi kumwonyesha mwenye Noah, kwa namba, kwamba fedha ya kukata masega ingetosha kununua plagi nne.